Aliyeniunganishia kazi sijampa mrejesho, leo siku ya 12. Kazi nimeikosa

binti_stoo

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo yenu, hili jambo limenikaa kooni.

Mimi ni mtunza stoo, nina uzoefu wa miaka 6, karibu yote kwenye vifaa vya ujenzi. Nilipokuwa nafanya kazi walipunguza watu na mimi nikawemo, nikakaa nyumbani miezi minne. Kuna kaka mmoja alikuwa msimamizi wangu kwenye kazi yangu ya kwanza kabisa, ndiye aliyenifundisha kushika kadi ya stoo. Siku ya Idi nilimtumia salamu tu, akaniuliza niko wapi siku hizi, nikamweleza hali yangu. Baada ya wiki moja akanipigia. Kuna kampuni inasambaza dawa, ghala lao liko Barabara ya Nyerere, wanatafuta mtu wa stoo, na meneja wa ghala ni mama mmoja aliyewahi kufanya naye kazi. Akasema nitume wasifu, na jioni ile ile akampigia yule mama kumweleza habari zangu.

Nikaitwa. Kulikuwa na mtihani wa vitendo. Wakanipa kadi inayosoma makopo 480 ya vidonge fulani. Nikaenda kwenye shelfu nikahesabu, nikapata 456. Pungufu 24. Nikapekua hati za kutolea mzigo nikakuta katoni moja ya makopo 24 ilitoka Ijumaa na haikuingizwa kwenye kadi. Hilo nililimaliza haraka. Swali la pili lilikuwa kutoa makopo 60 wakati kuna bechi mbili. Nikatoa ile iliyoingia kwanza, kama nilivyozoea kwenye saruji na rangi. Kumbe bechi iliyoingia baadaye ndiyo iliyokuwa inawahi kuisha muda. Kwenye dawa hutoka ile inayowahi kuisha, hata kama imeingia jana. Nililigundua nikiwa kwenye daladala narudi Tabata, nikahisi tumbo linaunguruma.

Siku 12 zilizopita ikaja barua pepe ya mistari mitatu, nafasi kapewa mwingine. Siku ya tano kaka akaniandikia wasapu, "Vipi dada, walishajibu?" Nikaifungua, nikaisoma, sikujibu. Nilishindwa. Ameweka jina lake kwa ajili yangu na mimi nimeliangusha.

Sasa nifanyeje? Nipige au niandike? Na ni sawa nikimwomba amuulize yule mama kwa nini sikuchukuliwa?

---

mzee_wa_utumishi

Pole binti. Mpigie kesho asubuhi, usiivushe siku ya 13.

Nimekaa ofisi za utumishi miaka 19, kwanza kiwandani kisha kwenye kampuni ya usafirishaji, na sasa nimestaafu. Nikueleze upande wa meza ambao wewe huuoni. Mtu ninayemfahamu akinipigia kusema "kuna binti anakuja, mimi namjua", jina lake naliandika kwa kalamu pembeni ya wasifu wa huyo binti. Usaili ukiisha, yule aliyenipigia nampigia mimi mwenyewe. Ni heshima, maana alinisaidia kutafuta mtu. Mara nyingi namwambia kabla hata barua ya kukataliwa haijatoka. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kaka yako alijua tangu siku ya pili au ya tatu. Lile swali la siku ya tano huenda aliliuliza jibu akiwa nalo mfukoni, anasubiri kuona utamwambia nini.

Kukosa kazi hakujamharibia jina. Watu wa ghala wanajua kwamba anayependekezwa anaweza kuzidiwa na mwingine, hutokea kila wiki. Kinachomweka pabaya ni yule mama kumuuliza "binti yako amesemaje?" naye akakosa la kujibu, kwa sababu hajasikia kutoka kwako.

Ukimpigia, baada ya salamu anza na jibu lenyewe: "Kaka, ile nafasi sikuipata." Kisha kiri kwamba meseji yake uliiona ukaona aibu, mara moja tu, usiirudie rudie. Halafu mwambie ulipokwama, yale makopo 60. Hapo ndipo penye faida kwake. Alimwambia yule mama kwamba wewe unajua stoo. Ukimweleza ukweli wa mtihani, siku nyingine ataweza kusema "kadi na hesabu ni mkali, ila bidhaa za kuisha muda anahitaji kuelekezwa wiki moja". Hiyo ni sifa ya kweli, na mtu huisema bila wasiwasi. Ukimwambia tu "hawakunichukua", anabaki hajui akutaje wapi tena.

Kuhusu kumtuma akaulize, usimtume. Alishaomba kwa niaba yako mara moja. Ukimrudisha kwa yule mama na swali la "kwa nini", anaonekana anadai.

---

Mwalimu_Kasulu

Dada pole sana. Ila mimi naona unajitesa bure. Nimeomba kazi kwenye Ajira Portal mara nyingi, tangazo linataka wadhamini watatu, nawaweka mkuu wangu wa shule, mchungaji na mhadhiri wangu wa chuo. Sijawahi kurudi kwa hata mmoja kumwambia nimepata au nimekosa, na hakuna aliyenuna. Nina hakika hata hawapigiwi simu. Endelea na maisha.

---

binti_stoo

Mwalimu asante, lakini huyu si mdhamini wa kwenye fomu. Mimi sikumwandika popote. Yeye ndiye aliyenyanyua simu akamtafuta yule mama. Bila yeye nisingejua hata kama nafasi ipo.

---

mzee_wa_utumishi

Binti ameeleza vizuri tofauti yenyewe. Mdhamini wa kwenye fomu anajibu akiulizwa. Huyu kaka alianza kusema kabla hajaulizwa, akachagua mwenyewe kumsimamia mtu. Mzigo wake ni mkubwa zaidi.

Na mwalimu, nikuombe kitu. Hao wadhamini wako watatu wajulishe kabla hujatuma maombi, uwaambie ni kazi gani na ya wapi. Nimewahi kumpigia mdhamini akaniuliza "huyo ni nani?" Yule kijana alikuwa wa kwanza kwenye orodha yangu. Nikalazimika kumpigia aliyemfuata.

---

Mwalimu_Kasulu

Nimekuelewa mzee. Huyo mhadhiri ana miaka minne hajasikia sauti yangu. Nitamtafuta.

---

Kigamboni_Juu

Wote mnazunguka. Mila yetu inajulikana, mkono mtupu haulambwi. Mtu akikupa mchongo ukafanikiwa, mshahara wa kwanza unamkatia chake, hata asilimia 10. Ukikosa, bado unakwenda kwake na kitu mkononi, sukari kilo mbili, mafuta, unakaa sebuleni unaongea naye uso kwa uso. Simu ni ya watu wavivu. Mimi nilipopata kazi bandarini nilimpelekea aliyeniunganisha 100,000 taslimu na mpaka leo ni ndugu.

---

fundi_umeme_Tandika

Mkuu Kigamboni, kwenye ufundi hiyo ya asilimia ipo na ni ya wazi. Fundi mwenzangu akinipa mteja, tunapatana kabla sijaenda. Nikipata kazi ya 400,000 ya kufunga nyaya nyumba nzima, yeye ana 40,000 yake na anajua. Na mrejesho kwetu ni lazima, tena wa siku ile ile, kwa sababu mteja akilalamika anampigia yeye kwanza, mimi hana namba yangu. Nikimaliza napiga picha ya kisanduku cha mita na swichi kuu namtumia: "Kazi imeisha, mteja kalipa 350, 50 anamalizia Jumamosi, chako hiki." Hata mteja akikataa bei namwambia hivyo hivyo, "tumeshindwana, anataka 250". Nisipomwambia atadhani nimefanya kazi nimemficha chake.

Lakini sijui kama ya ofisini ni sawa na yetu.

---

mzee_wa_utumishi

Fundi, umejibu swali lako mwenyewe. Yako mmepatana kabla, na mwenzako hamfanyii mtu mwingine kazi, anauza nafasi yake mwenyewe.

Ofisini ni tofauti. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haiwahusu watumishi wa serikali tu. Mwajiriwa wa kampuni binafsi akipokea kitu kama malipo ya jambo alilofanya kwenye shughuli za mwajiri wake, ameingia kwenye hiyo sheria, na aliyetoa naye ameingia. Huyu kaka wa binti hafanyi kazi pale, kwa hiyo chai na sukari nyumbani kwake ni undugu tu. Ila ule mfano wa bandarini, kama aliyepokea hela ndiye aliyekuwa na sauti kwenye kuajiri, usiurudie. Na kwa yule mama meneja, binti usipeleke chochote, hata keki. Utamweka pabaya mbele ya wenzake waliosaili pamoja naye.

Kwenye hilo la uso kwa uso nakubaliana na Kigamboni kwa nusu. Kwenda ni bora kuliko simu, lakini baada ya simu. Ukisubiri upate nauli, sukari na Jumapili yenye nafasi, zitapita siku nyingine kumi.

---

Kigamboni_Juu

Aliyepokea hakuwa na sauti, alikuwa mlinzi aliyenionyesha tangazo ukutani. Sawa, simu kwanza, nimekubali. Asilimia sijakubali kuifuta. Mtu akikutoa kwenye njaa unamkumbuka, na asante ya mdomo haipiki ugali.

---

mpishi_wa_Nyali

Niko Mombasa, nawasoma tangu mwanzo na naona bora niseme langu, kwa sababu langu lilianza vizuri.

Binamu yangu alinipigia debe katika hoteli anayofanya kazi, nikashika nafasi jikoni. Siku niliyopewa barua nilimpigia, nikamshukuru mpaka akacheka, na mamangu akampikia biriani. Nikadhani nimemaliza. Sasa zamu zangu zilikuwa zinaisha saa saba usiku, na kurudi Kisauni saa hizo ilikuwa shida, pikipiki inakula nusu ya nilichopata siku ile. Wiki ya tano nikapata kazi nyingine karibu na nyumbani, nikamwambia mkuu wa jikoni, nikaondoka. Binamu sikumwambia. Nilijiambia kazi ni yangu, nimeaga rasmi, yatosha.

Kumbe hoteli ile mfanyakazi akileta mtu hulipwa bonasi, na hulipwa mtu huyo akitimiza miezi mitatu. Binamu alikuwa anahesabu siku, alishaahidi karo ya mtoto. Aligundua nimeondoka alipokuja jikoni na chakula chake cha mchana akamkuta kijana mwingine amevaa aproni yangu. Mkuu wa jikoni akamuuliza mbele ya watu, "Mtu wako mbona hakukaa?" Hakuwa na la kusema. Miaka miwili sasa, tukikutana msibani ananipa mkono na hatuzungumzi.

Hela yenyewe ningemlipa. Ile ya kuulizwa mbele ya watu sijui nitailipa na nini.

---

binti_stoo

Mpishi, pole. Umenifanya nione kwamba hata ningepata ile kazi bado ningekuwa na deni la kusema.

---

mzee_wa_utumishi

Alilosema mpishi wengi hawalijui. Ukipata kazi, simu ya siku ya barua ni ya kwanza tu. Aliyekupendekeza bado anashikilia jina lake mpaka uthibitishwe. Hapa kwetu, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mtu aliye chini ya miezi 6 kwa mwajiri hana ile kinga ya kuachishwa isivyo halali, kwa hiyo miezi hiyo ndiyo watu huondoka au huondolewa. Meseji fupi mwisho wa mwezi wa kwanza, nyingine ukithibitishwa. Na ukiamua kuacha, yeye ajue kabla hujakabidhi barua, hata iwe saa moja kabla. Huombi ruhusa, unampa tu nafasi ya kutoshtushwa.

Mshahara huhitaji kumtajia. Akiuliza, mwambie "umeniridhisha" au mtajie, ni uamuzi wako.

---

fundi_umeme_Tandika

Hapo kwenye mshahara mzee mimi napinga. Mtu kakushika mkono halafu unamficha unapata ngapi? Yeye ndiye anayejua kama wamekupunja.

---

mzee_wa_utumishi

Fundi, nimeona mtu anampendekeza mwenzake halafu anagundua mwenzake kaanza na mshahara mkubwa kuliko wake aliyekaa miaka 8. Urafiki uliishia hapo. Labda kwenye ufundi mambo yako wazi zaidi. Tubaki tunatofautiana.

---

binti_stoo

Wakuu, kabla ya kupiga nimeandika ujumbe kwanza ili nijipange, maana nikianza kuongea nitalia. Nisomeeni:

"Shikamoo kaka. Samahani sana sana kwa ukimya, nimepitia wakati mgumu, simu nayo ilikuwa inasumbua. Ile kazi Mungu hakupanga iwe yangu, naamini kuna kubwa zaidi inakuja. Wale watu naona walikuwa na mtu wao tayari. Nakushukuru sana kwa moyo wako. Kama utasikia sehemu nyingine usinisahau, na kama unaweza niulizie kwa yule mama kama kuna nafasi hata ya chini. Ubarikiwe."

---

mzee_wa_utumishi

Binti, nakuambia kwa upendo. Simu ilikuwa haisumbui, alama za bluu alizipata. Toa hiyo. "Walikuwa na mtu wao" toa kabisa, yule mama ni rafiki yake, umemwambia kaka yako kwamba rafiki yake alimchezea. Na umemshukuru kwa moyo wake lakini hujataja alichofanya. Alipiga simu. Kwa simu ile uliingia kwenye usaili. Taja hilo.

Ombi la kazi nyingine lisiwepo kwenye ujumbe huu. Akiwa na nafasi atasema mwenyewe.

---

Mwalimu_Kasulu

Mimi naongezea, neno la Mungu liache kama ni lako kweli. Ila lisikae mahali pa maelezo ya yale makopo.

---

binti_stoo

Sawa. Hii je:

"Shikamoo kaka. Ile nafasi sikuipata, nilipata barua pepe yao siku 12 zilizopita. Meseji yako niliiona nikaona aibu kujibu, nisamehe. Swali la kadi nililipata, pungufu ya makopo 24 nikaiona ilipo. Kwenye kutoa mzigo nilitoa bechi iliyoingia kwanza badala ya inayowahi kuisha muda, na kwenye dawa hilo ni kosa kubwa. Nakushukuru kwa kumpigia yule mama. Nisingefika kwenye ule mtihani bila simu yako. Nitakupigia kesho saa mbili asubuhi, kama una nafasi."

---

mzee_wa_utumishi

Tuma hiyo, usiiguse tena.

---

Kigamboni_Juu

Imekaa vizuri. Na Jumapili uende na sukari.

---

binti_stoo

Nimerudi. Nilituma usiku, nikapiga saa mbili kamili asubuhi.

Mzee alikuwa sahihi, kaka alijua tangu siku ya tatu. Yule mama alimpigia mwenyewe, akamwambia hesabu yangu ilikuwa ya haraka kuliko wote wanne tuliosailiwa, na aliyechukuliwa alishafanya kazi kwenye duka la dawa. Kaka akasema kazi kukosa haikumuumiza hata kidogo. Kilichomuuma ni zile alama za bluu. Alisema, "Niliwaza, huyu akiharibu kitu stoo ataniambia au atanyamaza hivi hivi?" Nilikaa kimya. Kwenye stoo mtu anayenyamaza akiona upungufu hawezi kuaminiwa na funguo, na yeye ndiye aliyenifundisha hilo.

Nikamwambia sina la kujitetea. Akasema sawa. Aliongea taratibu, si kwa ukali, lakini si kama zamani. Hakusema atanitafutia tena. Alisema tu nimsalimie mama.

Sasa nina swali moja. Nataka nimwandikie yule mama meneja nimshukuru kwa kuniita, na nimwambie kosa langu nimelijua. Ni sawa?

---

fundi_umeme_Tandika

Usimwandikie. Kwetu ukimtafuta mteja wa mwenzako kwa mlango wa nyuma umemzunguka. Kaka ameshaanza kupoa, utamchafua tena.

---

mzee_wa_utumishi

Kwenye kazi za kuajiriwa aliyekusaili ukimshukuru si kumzunguka mtu. Lakini fundi ana hoja, kwa hali ilivyo sasa. Mwambie kaka kwanza, kwa meseji moja: "Ningependa kumwandikia mama kumshukuru, ni sawa?" Akisema ndiyo, andika mistari minne kwenye barua pepe ile ile waliyokujibu. Usiombe nafasi. Kwenye maghala mtu akichukuliwa wakati mwingine haripoti, au anaondoka mapema kama mpishi wetu. Wakati huo meneja hatangazi upya, anafungua orodha aliyonayo. Sikuahidi kwamba itatokea. Nasema tu ndivyo nilivyokuwa nafanya mimi.

---

binti_stoo

Nimemuuliza kaka. Amejibu neno moja, "Andika." Nimeandika, nimemtumia yule mama saa kumi jioni. Hajajibu. Jumapili naenda kwa kaka Mbagala. Sukari nimenunua.

---

Kigamboni_Juu

Safi sana dada. Umenifurahisha.

---

mpishi_wa_Nyali

Na mimi niwaulize, mzee hasa. Miaka miwili imepita. Nikimtafuta binamu sasa nianze na nini? Nilikuwa nafikiria nimtumie ile bonasi kwa M-Pesa, namba yake ninayo.

---

mzee_wa_utumishi

Hela usiitangulize. Akiipata bila maneno ataona unamlipa ili anyamaze. Anza na lile la aproni, mwambie unajua alivyoulizwa mbele ya watu. Kama hela bado inafaa, itakuja baada ya hapo. Pengine ataikataa, pengine ataichukua. Hilo la familia yenu mimi siwezi kulijua.

---

Mwalimu_Kasulu

Mimi ningetuma shangazi kwanza.

---

mpishi_wa_Nyali

Nimepiga mara mbili leo, haipokelewi. Sitatuma meseji. Ijumaa baada ya swala huwa anakaa barazani kwa shangazi, Majengo. Nitabadilisha zamu niende.